Tangu Jumatatu soko la jioni linafumuka saa nzima kabla ya muda: makutano ya London na New York yamehama?

MangiRau (Moshi) – Jumamosi 14 Machi 2026, saa 3:10 asubuhi

Wakuu habari za wikendi. Soko limefungwa, kwa hiyo naomba tulijadili hili kwa utulivu.

Natredi EURUSD kwenye M5, tredi fupi fupi, loti 0.10, stop losi pipsi 10. Utaratibu wangu tangu Novemba ni mmoja. Indiketa inanichorea boksi la asubuhi la London, kisha New York wakiingia saa kumi jioni nasubiri bei ivunje boksi. Nikiwa na kazi stoo, naweka oda ya kununua juu ya boksi mnamo saa tisa na robo, narudi saa kumi. Data za Marekani zimekuwa zikitoka saa kumi na nusu, hivyo muda wa kuifuta oda ninao.

Wiki hii mambo hayakwenda hivyo. Tangu Jumatatu soko linachangamka saa tisa. Alhamisi nimerudi nakuta oda ilishafunguliwa na kufungwa saa tisa na nusu juu ya alama. Iliniingiza pipsi 4 juu ya bei niliyoweka, na stop ikanitoa pipsi 7 chini ya pale nilipoiweka. Badala ya kupoteza dola 10 nimepoteza 21. Nimewauliza broka, jibu lao ni mstari mmoja: "hali ya soko".

Maswali mawili. Soko limehamisha saa zake, au ni kitu cha wiki hii tu? Na hii slipeji ni halali, au broka ananihujumu? Makutano si ndiyo saa yenye fedha nyingi kuliko zote?

---

ChaliiSakina (Arusha) – saa 3:42 asubuhi

Mangi, Wamarekani wamesogeza saa mbele Jumapili tarehe 8. Sasa New York inafungua saa tisa alasiri yetu, na data zao za saa mbili na nusu asubuhi zinatufikia saa tisa na nusu. Hilo halina mjadala.

Kuhusu slipeji, broka anakuibia. London na New York zikiwa wazi pamoja likwiditi inakuwa kubwa kuliko muda mwingine wowote. Likwiditi kubwa maana yake spredi ndogo na oda zinajazwa bei uliyoweka. Saa tisa na nusu ni katikati ya makutano, kwa hiyo pipsi 4 kuingia na 7 kutoka haziwezekani kwa broka msafi. Hama.

---

MwongozaWatalii (Machame) – saa 4:05 asubuhi

Samahani wakuu, na mimi niulizie hapo hapo. Wageni wananilipa kwa dola. Kwa maelezo haya, nikienda duka la kubadilishia fedha pale Moshi mjini kuanzia saa tisa, makutano yakianza, nitapata shilingi nyingi zaidi kuliko nikienda asubuhi?

---

DadaThemi (Arusha) – saa 5:20 asubuhi

Kaka wa Machame, hapana. Bei ya dola dukani inafuata soko la mabenki ya humu nchini na faida anayojiwekea mwenye duka. London na New York zikikutana, shilingi haina habari. Pita maduka mawili matatu ulinganishe, inatosha.

Mangi, nilikaa kwenye dawati la fedha za kigeni la benki moja Dar kwa miaka kadhaa kabla sijahamia huku, ngoja nikujibu kwa urefu kidogo. Chalii yuko sahihi kwenye saa. Kwenye likwiditi yuko sahihi kwa sehemu kubwa ya jioni, na amekosea kwenye dakika ile ile unayoiulizia.

Nianze na saa, maana humo kuna mtego ambao Chalii hajautaja. Marekani wamesogea tarehe 8 Machi. Waingereza watasogea tarehe 29. Sisi hatusogei kamwe, na Tokyo hawasogei. Kwa hiyo kwa wiki hizi tatu London bado inafungua saa tano asubuhi yetu na kufunga saa mbili usiku, lakini New York imeshahamia saa tisa alasiri. Makutano yamekuwa marefu: masaa matano badala ya manne. Kuanzia Jumatatu tarehe 30, London itafungua saa nne na kufunga saa moja jioni, na makutano yatarudi masaa manne, saa tisa mpaka saa moja. Mwisho wa Oktoba hali kama hii inajirudia kwa wiki moja, kwa sababu Waingereza wanarudisha saa wiki moja kabla ya Wamarekani.

Sasa fedha. Hesabu ya benki kuu za dunia ya Aprili 2025 ilikuta soko lote linazungusha takriban dola trilioni 9.6 kwa siku, na karibu asilimia 38 zinapitia Uingereza, Marekani asilimia 19. Wakubwa hao wawili wakiwa kazini pamoja, kwa EURUSD kuna watu wengi wa kununua na kuuza kila hatua ya bei. Ndiyo maana spredi inabana, na ndiyo maana bei inatembea: oda kubwa za makampuni na mifuko zinasubiri masaa hayo zipite bila kuisukuma bei sana. Kwa kawaida ukwasi na mtikisiko vinapanda pamoja.

Lakini ni vitu viwili. Ukwasi ni oda zilizopangwa foleni zikikusubiri wewe. Mtikisiko ni umbali ambao bei inakwenda. Sekunde chache kabla ya data kubwa, benki zinazotoa bei zinaondoa oda zao. Hakuna anayetaka kuwa na bei ya zamani mezani wakati namba mpya inatoka, maana mwenye kompyuta ya kasi ataichukua kabla hujaibadilisha. Ni sawa na ufike Kiborloni wanunuzi wamejaa, na wauza nguo wote wamefunika mitumba yao kwa wakati mmoja. Watu wapo, bidhaa hakuna. Kwa sekunde hizo mtikisiko uko juu kabisa na ukwasi uko chini kabisa, katikati ya makutano, mchana kweupe.

Stop losi yako si ahadi ya bei. Bei ikiigusa, inageuka kuwa oda ya kuuza kwa bei yoyote iliyopo. Kama ngazi inayofuata yenye mnunuzi iko pipsi 7 chini, utatoka pipsi 7 chini. Oda ya kununua juu ya boksi nayo ni vivyo hivyo.

---

ChaliiSakina – saa 5:48 asubuhi

Dada nimekuelewa, ila basi kwa nini kwenye chati yangu volyumu ya dakika ile ndiyo kubwa kuliko zote za siku? Volyumu kubwa si ndiyo likwiditi?

---

DadaThemi – saa 6:15 mchana

Volyumu ya kwenye MT5 ya spoti si fedha. Ni idadi ya mara ambazo bei ya broka wako imebadilika ndani ya mshumaa. Bei ikirukaruka inahesabu nyingi, hata kama kila mruko umebeba kiasi kidogo. Ukitaka kuona kiasi halisi angalia fyucha za euro za Chicago, alama yake 6E. Hata huko, kiasi kilichouzwa kinakwambia kilichopita. Oda zilizobaki mezani kwa sekunde ile ni habari nyingine.

---

TichaWaSoweto (Moshi) – saa 7:30 mchana

Naona wote mnaongelea jioni. Mimi napenda makutano ya Tokyo na London, USDJPY, saa tano asubuhi hadi saa sita nikiwa sina kipindi. Moto ni ule ule, wala hakuna data za Marekani za kukuchoma. Tokyo na London zikikutana yen inawaka.

---

DadaThemi – saa 8:02 mchana

Ticha, saa hiyo inafaa, ila si kwa sababu ya Tokyo. Saa tano yetu kwa sasa ni saa kumi na moja jioni kwao, wengi wanafunga mafaili. Kinachokuwasha ni London kufungua. Jaribu hivi: baada ya tarehe 30 London ikihamia saa nne, angalia kama mchangamko wako utabaki saa tano au utahama nao. Kama ni Tokyo inayousukuma, utabaki pale pale, kwa sababu Tokyo haihami.

---

TichaWaSoweto – saa 8:10 mchana

Nitaangalia. Ila nasisitiza, yen ya asubuhi inaheshimu viwango kuliko euro ya jioni.

---

BabaKijenge (Arusha) – saa 10:25 jioni

Vijana, hamjambo. Mangi, umesema indiketa inakuchorea boksi. Inatumia saa ipi, ya kwako au ya seva?

---

MangiRau – saa 10:40 jioni

Shikamoo mzee. Ya seva. Niliweka 10 kuanza London na 14 kufunga boksi. Mbona Novemba mpaka Februari ilikaa sawasawa kabisa?

---

BabaKijenge – saa 11:30 jioni

Marahaba. Basi hapo ndipo kuna shida ya pili, na wala haihusiani na slipeji.

Broka wengi wanaiweka seva yao ifuate New York, ili mshumaa wa siku ufungwe saa kumi na moja jioni ya New York. Majira ya baridi seva inakuwa GMT+2. Marekani wakisogeza saa inakuwa GMT+3, ambayo ni saa yetu sisi hapa. Ndiyo maana wiki hii ukiangalia juu ya dirisha la Market Watch utaona saa ya seva na saa ya ukutani kwako zimelingana, wakati mwezi uliopita seva ilikuwa nyuma kwa saa moja.

Sasa fanya hesabu hii, nimeibandika karibu na kompyuta:

```
saa ya seva = saa ya mji - GMT ya mji + GMT ya seva

London Februari:   8 - 0 + 2 = 10
London sasa:       8 - 0 + 3 = 11
London Aprili:     8 - 1 + 3 = 10

New York Februari: 8 + 5 + 2 = 15
New York sasa:     8 + 4 + 3 = 15
```

Unaona? Kwenye chati New York haijahama, iko 15:00 mwaka mzima, kwa sababu seva inatembea nayo. London ndiyo imehamia 11:00 kwa wiki hizi tatu. Indiketa yako inaanza kuchora 10:00, saa nzima kabla London haijafungua, wakati Frankfurt ndiyo kwanza wanaingia. Halafu inafunga boksi 14:00 na kuacha nje saa nzima ya London iliyobaki kabla ya New York. Boksi ulilotegea Alhamisi si lile ulilolizoea. Kuna uwezekano mkubwa lilikuwa jembamba, na boksi jembamba linavunjwa na kelele tu.

Weka 11 na 15 mpaka Ijumaa tarehe 27, kisha Jumatatu tarehe 30 rudisha 10 na 14. Ila hakikisha kwanza seva ya broka wako inafuata New York. Zipo zinazofuata Ulaya, na zipo zisizohama kabisa.

---

ChaliiSakina – saa 12:20 jioni

Mzee hii ni dhahabu. Kwa anayetaka kuhakikisha mwenyewe, hiki hapa kipande cha EA ya MT5. Kinachapa saa ya seva, saa ya GMT na spredi kila bei inapobadilika:

```
void OnTick()
  {
   Print(TimeCurrent(), " | GMT ", TimeGMT(), " | ",
         SymbolInfoInteger(_Symbol, SYMBOL_SPREAD));
  }
```

Saa ya GMT inatoka kwenye kompyuta yako, kwa hiyo hakikisha kompyuta ina saa na eneo sahihi. Spredi inakuja kwa pointi, yaani kwa EURUSD ya tarakimu tano ukiona 8 ni pipsi 0.8. Iache ianze saa tisa na dakika 20 mpaka saa kumi siku yenye data, kisha soma kilichotokea.

---

MangiRau – saa 1:05 usiku

Wakuu mmenifungua macho kwenye boksi. Nimelichora upya kwa mkono, na kweli: kilele cha boksi la 11 mpaka 15 siku ya Alhamisi kilikuwa pipsi 6 juu ya pale indiketa ilipochora. Lakini suala la broka bado. Nitajuaje kama pipsi 4 na 7 ni za soko au ni za mfukoni mwake?

---

DadaThemi – saa 2:15 usiku

Kuna mahali pa kuangalia. Kwanza elewa kwamba chati ya MT5 inachora Bid peke yake. Oda yako ya kununua inafunguliwa na Ask. Spredi ikitanuka kutoka pointi 8 hadi 50, Ask inapanda pipsi 4 na ushee hata kama Bid haijasogea, na oda ya kununua inaweza kufunguliwa na spredi tupu. Ukitazama chati baadaye utaapa kwamba bei haikufika pale.

Kwa hiyo fungua M1, nenda mshumaa wa 15:30 wa Alhamisi. Kilele chake kiko juu au chini ya bei ya oda yako? Kikiwa chini, uliingizwa na spredi. Kikiwa juu, bei ilipita kweli. Kisha angalia kina chake, na cha mshumaa wa 15:31. Ulitolewa pipsi 7 chini ya stop. Kuuza kunafanyika kwa Bid, na Bid ndiyo inayochorwa, kwa hiyo hapa chati ni shahidi mzuri. Kama Bid haikufika kabisa kwenye bei waliyokutoa, una hoja ya kuwaandikia. Kama ilifika na kupita, hiyo bei ilikuwepo.

Kwa undani zaidi bonyeza Ctrl+U, chagua EURUSD, fungua ukurasa wa Ticks, uombe dakika hizo. Utaona Bid na Ask kwa kila sehemu ya sekunde.

---

MangiRau – Jumapili 15 Machi, saa 9:20 alasiri

Nimetoka kanisani nikakaa nayo. Kwenye M1 ya 15:30, kilele cha Bid kimepita oda yangu kwa pipsi 3. Kwenye Ticks, sekunde moja kabla ya data spredi ilikuwa pointi 9, kisha mstari unaofuata pointi 41. Ask imeruka kutoka pipsi 1 chini ya oda yangu hadi pipsi 4 juu yake kwa mruko mmoja, hakuna bei yoyote katikati. Nimeingizwa pale pale iliporukia. Kina cha 15:31 ni pipsi 8 chini ya stop yangu. Nilitolewa 7 chini. Kwa hiyo bei waliyonitoa ilikuwepo.

---

ChaliiSakina – saa 9:55 alasiri

Ilikuwepo kwenye seva yao. Bid na Ask unazosoma ni za kwao pia. Pointi 41 wameziweka wenyewe.

---

DadaThemi – saa 10:30 jioni

Hapo Chalii ana hoja, na siwezi kuifuta. Spredi ya broka ni ya benki anakochukua bei pamoja na anachoongeza. Kwenye data, kutanuka ni lazima. Kutanuka kiasi gani ndiko kunakotofautisha broka na broka. Dawa ni kufungua demo au akaunti ndogo kwa broka wa pili, uendeshe kile kipande cha Chalii sehemu zote mbili kwa data ile ile, ulinganishe sekunde kwa sekunde. Tahadhari moja: demo inaweza kuonyesha spredi sahihi lakini ikajaza oda kwa ukarimu ambao akaunti halisi haina. Linganisha spredi tu, usilinganishe ujazaji wa oda. Na usihukumu kwa tukio moja.

Kwa upande wako, swali lenye faida zaidi ni lini uingie. Mimi siachi oda inayosubiri wakati wa data. Nasubiri vitu viwili: spredi irudi kwenye kawaida yake, kwa EURUSD mara nyingi ni ndani ya dakika chache, na mshumaa mmoja wa M5 ufungwe nje ya boksi ukiwa umeanza baada ya namba kutoka. Nakosa mruko wa kwanza, sawa. Lakini tazama hesabu. Ukilenga pipsi 10 na spredi ni 0.8, gharama ni chini ya sehemu ya kumi ya unachotafuta. Kwa spredi ya pipsi 4 na slipeji ya 4 juu yake, karibu faida yote imekwenda kabla hujaanza. Mtikisiko mkubwa hausaidii kama gharama ya kuingia imekua kuliko mtikisiko wenyewe.

Saa sita usiku kwa sasa, New York wakifunga siku, ni kinyume chake. Bei imelala, spredi inatanuka, na stop ya karibu inaweza kuliwa bila soko kwenda popote. Stop ya oda ya kuuza inaguswa na Ask. Mwenye oda ya kuuza ya pipsi 5 asiiache ipite pale.

---

BabaKijenge – saa 12:40 jioni

Dada, hapo natofautiana nawe kidogo. Dakika chache ni mapema mno. Mshumaa wa kwanza wa M5 baada ya data mara nyingi ni wa walioshikwa upande mbaya wakitoka, si wa walioamua. Mimi naiacha mpaka saa kumi na moja jioni ipite. Hiyo ni saa nne asubuhi New York. Kunatoka data nyingine, na ndiyo saa ambayo opsheni nyingi za New York zinaisha muda. Kukiwa na opsheni kubwa kwenye bei fulani, euro inaweza kung'ang'ania pale kwa saa nzima kabla yake, kila boksi likivunjwa linarudi ndani. Ikipita, bei inaachiwa.

Halafu kuna fiksi ya London, saa kumi jioni kwao. Kwa wiki hizi tatu ni saa moja usiku yetu. Mifuko inabadilisha fedha kwa bei ya wastani inayopigwa ndani ya dirisha la dakika 5. Nusu saa kabla ya hapo bei inaweza kwenda upande mmoja bila habari yoyote, na ikipita inatulia au inarudi. Ukwasi ni mwingi, spredi imebana, na bado inasukumwa. Mimi natredi kurudi kwake.

---

DadaThemi – saa 1:15 usiku

Mzee, shikamoo. Opsheni sibishi. Ila kurudi baada ya fiksi sikuoni kwa uhakika huo. Siku za kawaida nimeona ikiendelea mbele mara nyingi kama inavyorudi. Mwisho wa mwezi msukumo unaonekana wazi, lakini hujui utaelekea wapi mpaka umeshaanza. Na baada ya saa moja na nusu London wanaondoka, ukwasi unapungua kila dakika. Tredi ya kurudi inakukuta ukiwa na foleni nyembamba ya kutokea.

---

BabaKijenge – saa 1:50 usiku

Marahaba. Kila mtu na chati yake, dada. Nitaleta rekodi.

---

TichaWaSoweto – saa 2:05 usiku

Swali dogo kwa wote. Riba ya Benki Kuu ya Marekani, ile ya Jumatano, inaangukia wapi kwenye haya makutano?

---

DadaThemi – saa 2:20 usiku

Nje kabisa, Ticha. Wanatangaza saa nane mchana kwao, kwa sasa ni saa tatu usiku yetu. London wameshalala saa nzima. Kwa hiyo mtikisiko unakuja mkubwa huku nusu ya wenye fedha hawapo kazini. Ukiwa na stop ya pipsi 10 usiku huo, ihesabu kama 25 na upunguze loti ipasavyo, au uizime kompyuta.

---

MangiRau – Jumanne 17 Machi, saa 3:00 usiku

Mrejesho. Indiketa nimeiweka 11 na 15. Nimefungua demo ya broka wa pili, kipande cha Chalii kinaendeshwa kote kuwili. Nje ya data wanafanana, 8 na 9. Kwenye data ya leo ya saa tisa na nusu wangu alifika 33, yule wa pili 26. Tofauti ipo, ila si ya kunihamisha kwa siku moja. Nitaendelea kuandika.

Oda za kusubiri nimeacha. Leo nimesubiri mshumaa ufungwe nje ya boksi, spredi ikiwa 9, nikaingia saa tisa na dakika 40. Iligoma saa nzima, ikirudi ndani na kutoka, kama alivyosema mzee kuhusu opsheni, kisha ikaenda saa kumi na moja na dakika 10. Kwa hiyo sijui leo nimtaje nani kuwa sahihi, dada au mzee. Wote mmeingia kwenye tredi moja.

---

ChaliiSakina – saa 3:25 usiku

Leta na namba za Ijumaa mangi, nitaziweka kwenye jedwali moja na za kwangu. Broka wangu ni wa tatu tofauti.

---

DadaThemi – saa 3:40 usiku

Wekeni alama tarehe mbili. Jumatatu 30 Machi boksi linarudi 10 na 14 kwenye seva, na fiksi inahamia saa kumi na mbili jioni. Na Jumatatu ya Pasaka, tarehe 6 Aprili, benki za London zimefungwa. New York wapo kazini. Makutano yatakuwa kwenye indiketa tu, msitege boksi la London siku hiyo.

---

BabaKijenge – saa 4:05 usiku

Na mimi naongeza Jumanne 31 Machi. Ni mwisho wa mwezi na wa robo mwaka, fiksi itakuwa saa kumi na mbili jioni yetu. Nitaweka hapa picha ya chati ya M1 kuanzia saa kumi na moja na nusu mpaka saa moja, na bei nitakayoingia nitaiandika kabla. Dada, utaamua mwenyewe kama inarudi.